Wasifu wa Kazi: Mratibu wa Miradi na Mwandishi wa Nyaraka za Kiufundi

Nafasi inayoombwa: Mratibu wa Miradi, kazi ya kudumu inayofanywa kwa mbali

Tangazo lilitaka wasifu usio na jina, picha wala umri. Kwa hiyo jina na anwani yangu vimo katika fomu ya maombi pekee.

Muhtasari

Nina uzoefu wa miaka saba katika uratibu wa miradi ya programu za kompyuta na uandishi wa nyaraka zake, na tangu Machi 2020 nimefanya kazi zangu zote nje ya ofisi. Naishi katika ukanda wa saa wa UTC+3. Kazi ninayoiweza zaidi ni kuandika jambo kwa namna ambayo mwenzangu akiamka, mimi nikiwa nimelala, anaweza kuendelea nalo bila kunisubiri.

Uzoefu wa kazi

*Mratibu wa Miradi, kampuni ya programu za mishahara, Juni 2021 hadi sasa*

Naratibu timu ya watu 11 walioko katika kanda nne za saa, kuanzia New York hadi India, na sijawahi kukutana ana kwa ana na zaidi ya watatu kati yao. Nilipoanza, timu ilikuwa na vikao vitano kwa wiki. Nilipendekeza vikao vitatu kati ya hivyo vigeuzwe kuwa taarifa za maandishi zinazowekwa kwenye Slack kabla ya saa 08:00 UTC, na baada ya majaribio ya mwezi mmoja timu yenyewe iliamua kutovirudisha.

Machi 2022 tulipata somo. Marekani ilisogeza saa mbele tarehe 13 na Uingereza tarehe 27, hivyo kwa wiki mbili tofauti ya saa kati ya New York na London ilikuwa nne badala ya tano, na mteja wetu wa New York aliingia kwenye kikao saa nzima kabla ya wenzake. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mwaliko niliuandika kwa saa za London bila kutaja UTC. Tangu hapo kila mwaliko ninaoutuma hutaja UTC kwanza, na mwezi mmoja kabla ya mabadiliko ya Machi na ya vuli hutuma ukumbusho kwa timu na wateja wote.

*Mwandishi wa Nyaraka, kampuni ya huduma za intaneti, Septemba 2018 hadi Mei 2021*

Niliandika na kuhariri miongozo 60 ya watumiaji kwa Kiswahili na Kiingereza, nikiihifadhi GitHub ili kila badiliko lionekane limefanywa na nani na kwa sababu gani.

Kujisimamia

Kila Jumatatu huandika mambo matatu ninayokusudia kuyamaliza, na kila Ijumaa huandika yaliyokamilika, yaliyokwama na kilichoyakwamisha. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa msimamizi wangu. Kazi ikielekea kuchelewa, hutoa taarifa mapema nikiwa na pendekezo la tarehe mpya, si siku ya mwisho. Nina chumba cha kazi, intaneti ya faiba pamoja na ya simu kama akiba, na betri inayoendesha vifaa vyangu kwa saa sita umeme unapokatika.

Mawasiliano ya maandishi

Kila pendekezo langu huanza na uamuzi unaoombwa, anayepaswa kuutoa na siku ya mwisho ya kujibu, sababu hufuata. Uamuzi uliofikiwa kwa simu au Zoom huuandika Notion siku hiyo hiyo, kwani usipoandikwa hubishaniwa upya. Jambo nyeti linalomhusu mtu mmoja silijadili kwa maandishi mbele ya wengi, humpigia simu.

Zana za ushirikiano

Kila siku natumia Jira, Slack, Notion, Google Docs na Zoom. Trello na Figma nazifahamu kwa kiwango cha kufuatilia kazi za wengine na kutoa maoni.

Saa za kazi

Kwa kawaida napatikana kati ya 06:00 na 15:00 UTC. Siku mbili kwa wiki naweza kuanza 09:00 na kumaliza 18:00 UTC, jambo linalowapa wenzangu wa New York angalau saa nne za pamoja nami hata majira ya baridi. Kikao cha usiku wa manane nakubali kwa dharura pekee.

Elimu na lugha

Shahada ya kwanza ya Isimu na Mawasiliano, 2017. Kiswahili ni lugha yangu ya kwanza; Kiingereza nakiandika na kukizungumza kwa ufasaha wa kikazi, na Kifaransa nakisoma.

Wadhamini

Wadhamini wawili, akiwemo msimamizi wangu wa sasa ambaye anajua kuhusu ombi hili, wako tayari kujibu maswali kwa barua pepe. Mkataba wangu unanitaka nitoe notisi ya siku 30.