Kalenda ya Kuchapisha Maudhui ya Mwaka 2027 kwa Karakana ya Madaftari na Kadi

Kalenda hii inawahusu watu watatu wa karakana: mhariri wa maudhui, ambaye pia hujibu ujumbe wa wateja, mpigapicha, ambaye huja siku mbili kwa wiki, na msimamizi wa oda, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kiasi cha kazi ambacho meza ya ushonaji inaweza kubeba. Chapisho lolote la kuuza halitatoka kabla msimamizi wa oda hajathibitisha kwamba kinachotangazwa kinaweza kutengenezwa na kumfikia mteja kwa wakati.

Jinsi tarehe zilivyopangwa

Kila kampeni imepangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya kupokea oda, wala si kutoka siku ya sikukuu yenyewe. Daftari lenye jina huchukua siku 5 za kazi, kwa sababu kurasa hushonwa, gundi hukauka, jalada hubanwa chini ya uzito usiku mzima, kisha jina hugongwa. Usafirishaji huchukua hadi siku 3, na tunaacha siku 2 za akiba. Kwa hiyo dirisha la oda hufungwa siku 10 kabla ya sikukuu, na likishafungwa, machapisho yote ya kuuza bidhaa hiyo husimama siku hiyo hiyo, hata kama tangazo la kulipia linaendelea kuleta watu. Mteja aliyeambiwa mapema kwamba muda umepita hurudi msimu unaofuata, lakini aliyepokea zawadi baada ya sikukuu hatuna la kumwambia.

Tarehe za mwaka 2026 zisinakiliwe. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku 11 hivi, na hivyo Idi el-Fitri, iliyoangukia karibu na tarehe 20 Machi mwaka 2026, inatarajiwa tarehe 9 au 10 Machi mwaka 2027. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, na kutoka tarehe 5 Aprili mwaka 2026 inasogea hadi tarehe 28 Machi. Kwa sikukuu zinazotegemea kuandama kwa mwezi tunahesabu kutoka tarehe ya mapema zaidi kati ya zinazotarajiwa, na hakuna picha itakayoandikwa tarehe ya Idi ndani yake. Tarehe itakaa kwenye maelezo, ambako inaweza kurekebishwa.

Mwendo wa wiki za kawaida

Nje ya kampeni tutachapisha mara mbili kwa wiki kwenye Instagram na Facebook: Jumanne picha ya bidhaa moja pamoja na maelezo ya matumizi yake, Alhamisi video fupi ya kazi mezani. Barua pepe kwa wateja itatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi. Wakati wa kampeni machapisho yatakuwa manne kwa wiki, na hayatazidi hapo, kwa sababu mhariri ndiye anayejibu maswali na kila chapisho la kuuza huleta maswali yake.

Orodha ya kutuma ya WhatsApp huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yetu kwenye simu yake. Kwa hiyo itatumika mara mbili tu kwa kila kampeni, siku ya kufungua oda na siku mbili kabla ya kufunga. Ujumbe wa sikukuu za kidini utatumwa kwa wateja waliochagua wenyewe kuupokea kupitia fomu ya oda. Hatutakisia dini ya mtu kwa kuangalia jina lake.

Januari hadi Machi: kilele kigumu kuliko vyote

Mwaka huu Siku ya Wapendanao inaangukia ndani ya Ramadhani, Siku ya Wanawake inakaribiana na Idi, na Pasaka inafuata kabla Machi haijaisha. Tukizipa zote uzito sawa, wateja watasikia sauti nne kwa pamoja na meza ya ushonaji itazidiwa. Uamuzi wetu ni kwamba Idi na Pasaka zipewe kampeni kamili, Wapendanao wapewe kadi pekee, na Siku ya Wanawake ipewe chapisho moja lisilouza chochote.

| Tarehe | Kinachochapishwa | Mhusika |
|---|---|---|
| Jumanne 19 Januari | Kadi za Wapendanao zinatangazwa, pamoja na picha tatu za karibu zinazoonyesha maandishi ya mkono. | Mhariri |
| Alhamisi 4 Februari | Oda za kadi za Wapendanao zinafungwa saa 12 jioni. | Msimamizi wa oda |
| Jumanne 9 Februari | Madaftari ya Idi yanafunguliwa kwa oda. Ujumbe wa kwanza wa WhatsApp unatumwa. | Mhariri |
| Alhamisi 18 Februari | Video ya kugonga jina kwenye jalada, bila muziki, ili mlio wa nyundo usikike. | Mpigapicha |
| Alhamisi 25 Februari | Ujumbe wa pili wa WhatsApp unawakumbusha wateja siku ya kufunga. | Mhariri |
| Jumamosi 27 Februari | Oda za Idi zinafungwa saa 12 jioni. | Msimamizi wa oda |
| Jumanne 2 Machi | Seti za kadi na madaftari ya Pasaka zinafunguliwa. | Mhariri |
| Jumatatu 8 Machi | Chapisho la Siku ya Wanawake linalomweleza mshonaji wetu na kazi yake, kwa idhini yake. | Mhariri |
| 9 na 10 Machi | Salamu za Idi peke yake, baada ya mwezi kutangazwa. | Mhariri |
| Jumanne 16 Machi | Oda za Pasaka zinafungwa. | Msimamizi wa oda |

Pasaka imehesabiwa kutoka Ijumaa Kuu ya tarehe 26 Machi, kwa kuwa usafirishaji husimama kuanzia siku hiyo. Wateja wanaofuata kalenda ya Kiorthodoksi watasherehekea Pasaka tarehe 2 Mei. Kwa ajili yao kadi zitabaki dukani, na barua pepe ya Aprili itawakumbusha.

Katika Ramadhani machapisho ya kuuza yatatoka jioni baada ya muda wa kufuturu, na picha hazitaonyesha vikombe vya kinywaji kando ya daftari kama tulivyozoea miezi mingine. Maelezo ya chapisho la tarehe 9 Februari yameshakubaliwa na yatatoka hivi:

> Daftari lako la Idi linashonwa kwa uzi wa kitani, na jina utakalotutumia linagongwa kwenye jalada kwa mkono. Liandike kama unavyotaka lisomeke, herufi kwa herufi, kwa sababu likishagongwa halifutiki. Tunapokea oda hadi Jumamosi, tarehe 27 Februari, saa 12 jioni. Ramadhani njema.

Sentensi ya pili isiondolewe kwa ajili ya kufupisha, kwani mabishano mengi na wateja huanzia kwenye tahajia ya jina.

Aprili na Mei

Siku ya Mama, ambayo katika nchi nyingi ni Jumapili ya pili ya Mei, itakuwa tarehe 9, na Idi el-Haji inatarajiwa tarehe 16 au 17 Mei. Kampeni ya Siku ya Mama itafunguliwa Jumanne tarehe 13 Aprili na kufungwa Alhamisi tarehe 29 Aprili. Kuanzia kesho yake hadi Alhamisi tarehe 6 Mei tutapokea oda za Idi el-Haji kwa madaftari yale yale ya Februari, yakiwa na picha mpya. Katika kampeni ya Siku ya Mama barua pepe ya ziada itatumwa tarehe 8 Aprili ikimpa mteja nafasi ya kusema kwamba hataki kupokea ujumbe wa siku hiyo, bila kuulizwa sababu na bila kuondolewa kwenye orodha nzima, maana wapo wanaoomboleza.

Juni hadi Septemba

Hakuna kampeni katika miezi hii minne, na wiki zake zitabaki na machapisho mawili. Kazi kubwa itafanyika nyuma ya pazia. Julai itatumika kupiga picha zote za Krismasi na za shajara za mwaka 2028, na Agosti itatumika kuandika maelezo yake na kuyahariri. Picha za Idi el-Fitri ya mwaka 2028 zitapigwa Agosti hiyo hiyo, kwa sababu Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari, wakati ambapo karakana itakuwa bado inamalizia shajara. Msimamizi wa oda atawasilisha idadi ya karatasi, uzi na majalada yanayohitajika kabla ya tarehe 15 Septemba.

Oktoba hadi Desemba

Shajara za mwaka 2028 zitafunguliwa kwa oda Jumanne tarehe 5 Oktoba. Fungu kubwa la fedha za matangazo ya kulipia litatumika kati ya tarehe hiyo na katikati ya Novemba, kwa kuwa nafasi za matangazo mtandaoni huuzwa kwa mnada na bei hupanda kadiri wafanyabiashara wengi wanavyoingia kuelekea mwisho wa mwaka. Kila tangazo liwekwe siku 3 kabla ya kuhitajika, kwani mapitio yake huweza kuchukua saa 24 au zaidi.

Kampeni ya Krismasi itaanza Jumanne tarehe 2 Novemba. Ijumaa ya tarehe 26 Novemba, ambayo maduka mengi huitumia kwa mapunguzo makubwa, sisi hatutapunguza bei. Kazi ya mkono haina nafasi hiyo, na hatutapandisha bei Oktoba ili tuonekane tumeishusha Novemba. Siku hiyo tutachapisha picha za jalada moja likitengenezwa, kuanzia ngozi tupu hadi jina, pamoja na bei ile ile ya mwaka mzima.

Oda zenye majina zitafungwa Jumamosi tarehe 11 Desemba badala ya tarehe 15, kutokana na msongamano wa usafirishaji wa mwezi huo. Ujumbe wa kufunga utasomeka hivi:

> Oda za madaftari yenye majina zimefungwa. Tulizonazo mkononi zitakufikia kabla ya Krismasi. Madaftari yasiyo na majina na kadi zilizo tayari bado zinapatikana hadi Jumatatu, tarehe 20 Desemba.

Baada ya tarehe 20 hatutachapisha chochote cha kuuza hadi sikukuu ipite. Tarehe 24 zitatoka salamu, na tarehe 25 hadi 27 hakuna atakayetakiwa kujibu ujumbe. Jibu la kujiendesha litamweleza mteja kwamba tunarudi Jumanne tarehe 28, siku ambayo shajara zilizosalia zitarudishwa mbele ya duka.

Januari 2028

Shajara hupoteza mnunuzi haraka baada ya mwaka kuanza. Zitauzwa kwa nusu bei kuanzia tarehe 4 Januari, na Jumanne tarehe 18 zitaondolewa dukani, kurasa zake zikafumuliwe ziwe karatasi za kujaribia wino na majalada yasiyo na mwaka yatunzwe kwa madaftari ya Idi, ambayo oda zake zitafunguliwa wiki hiyo hiyo.