Mzigo umeingia, na rafu ya mlangoni imeshajaa

Salamu kwenu, wasomaji wetu.

Maboksi yalishushwa Jumatatu asubuhi, na hadi jioni kazi ya kupanga vitabu ilikuwa haijafika hata nusu. Wanaotujua hawatashangaa. Kila anayefungua boksi hutoa kitabu kimoja, eti anakikagua kama gamu imeshika na kurasa zimetimia. Husoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, na ukija kumwita umkabidhi wino wa mhuri unamkuta ameegemea rafu, midomo inamcheza. Safari hii tukaona afadhali uvivu huo tuugeuze kuwa kipimo: kitabu kilichomsahaulisha mmoja wetu kazi akiwa bado amesimama ndicho kilichopewa nafasi kwenye rafu ya mlangoni. Vingine vimekwenda ndani, na si kwa ubaya wowote. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwa mfano, imerudi baada ya kuulizwa mno na wanafunzi na wafasiri, lakini hakuna anayetegemea kamusi imkoseshe usingizi. Barua hii ni ya rafu ya mlangoni.

Tuanze na kile kilichotuchelewesha kuliko vyote. Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na ilibidi wasomaji wa Kiswahili wasubiri hadi 2022 ndipo tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatoka. Miaka 28! Na hii ni hadithi ya watu ambao, ukiisoma, unahisi walikuwa wakizungumza Kiswahili tangu mwanzo na mwandishi ndiye aliyekuwa akitufasiria. Yusuf ni kijana wa miaka 12. Kuna mgeni anayekuja kwao mara kwa mara, mfanyabiashara wa misafara, mtaratibu, ananukia manukato, na kila akiondoka humwachia mtoto sarafu. Yusuf anamwita mjomba. Siku moja mjomba anaondoka naye, na mtoto anadhani anapelekwa matembezi. Ni huko anakofikia, dukani, ndipo kijana mwenzake, Khalil, anapomfumbua macho: huyu si mjomba wako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiye uliyetolewa kulipa. Hapo ni mwanzoni kabisa, kwa hiyo hatujakuharibia chochote. Bado hujafika kwenye bustani yenye ukuta, wala kwenye msafara wa bara, ambako wapagazi wanaugua, watawala wa njiani wanadai ushuru, na Wajerumani wanatajwa kwa mnong'ono mpaka siku wanapotokea wenyewe. Mwenzetu wa kaunta, ambaye kwa kawaida hasomi riwaya (yeye ni mtu wa tarehe na ramani), amekimaliza na sasa anamuuliza kila anayeingia amefika wapi. Mkwepeni kama hamjamaliza, hana siri.

Halafu kuna Bwana Msa. Vijana wengi wamemsikia kwa babu zao tu, nao wakadhani ni habari za zamani zisizowahusu. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 kikachapishwa 1960, na ndicho kilichomleta yule mpelelezi na kiko chake: mtulivu, hana bastola, hana gari la kukimbiza watu. Anakaa, anavuta, anauliza swali ambalo halionekani kuhusika, na rafiki yake Najum anabaki kukuna kichwa pamoja na sisi. Mwenye mali mmoja ameuawa, maiti inaonekana penye mzimu, na wako wanaotaka mzimu ubebe lawama. Bwana Msa hana haraka ya kuukubali wala kuubeza mzimu; anataka tu kujua nani alikuwa wapi. Sisi tunaipenda riwaya hii kwa Kiswahili chake kuliko hata kwa kitendawili chake. Watu wanapigana vijembe kwa adabu kamili, na unaweza kukaa na ukurasa mmoja ukicheka peke yako. Ukikipenda, jua una kazi mbele: kuna Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine vilivyofuata, na tumejitahidi kuleta tulivyoweza kuvipata.

Kuhusu Bwana Msa, kuna jambo dogo. Katika boksi la vitabu vilivyokwishasomwa tumepata nakala moja kuukuu, jalada limepauka, pembe zimelegea. Aliyekuwa nayo kwanza alisoma na penseli mkononi. Kwenye sura za mwanzo ameandika pembeni, kwa herufi za kujiamini: "Ni huyu." Kurasa kadhaa mbele jina limekatwa, limeandikwa jingine. Mbele tena, limekatwa na hilo. Kisha kuna sehemu ndefu isiyo na alama yoyote, kama mtu aliyekata tamaa au aliyenogewa, na karibu na mwisho, chini ya ukurasa, kuna neno moja tu: "Ala!" Hatujaifuta penseli hiyo na hatutaifuta. Nakala ni moja, tutamwuzia atakayewahi, na wala tusiombwe kuipunguza bei kwa kuwa "imechafuliwa". Kama kuna haki duniani, ingepaswa kuuzwa ghali kuliko mpya.

Vuta N'kuvute cha Adam Shafi hakihitaji sana maneno yetu. Tangu filamu yake ya mwaka 2021 watu wamekuwa wakikiulizia, wengi wakitaka kujua kama kitabu na filamu ni kitu kimoja. Jibu fupi ni hapana, na jibu refu ndilo hilo lililo rafuni. Yasmin ana miaka 15, ameozwa mwanamume aliyemzidi umri mno, hamtaki na hawezi kujifanya anamtaka. Anatoroka, anapokewa na Mwajuma, mwanamke asiye na kitu ila roho, na kupitia kwake anakutana na Denge, kijana ambaye serikali ya kikoloni haimtazami kwa jicho zuri. Mtu akikuambia hii ni riwaya ya mapenzi, ni kweli. Akikuambia ni riwaya ya siasa, naye ni kweli. Tunachowaomba ni kumtazama Mwajuma. Tuna hakika ndiye mhusika bora humo, na tuko tayari kubishana na yeyote dukani, ilimradi awe amekisoma.

Sasa tuseme ukweli kuhusu Nagona. Hiki ni kitabu cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1990, chembamba, na kinadanganya kwa wembamba wake. Ukimjua mwandishi kwa Rosa Mistika, ukadhani utapata kijiji, familia na msiba unaoeleweka, utashangaa. Humu kuna mtu anayetangatanga mahali palipohamwa, anakutana na wanaozungumza kwa mafumbo, na msomaji hashikwi mkono hata kidogo. Mmoja wetu alikisoma mara moja akakirudisha rafuni amekasirika. Siku ya pili akakichukua tena. Hatuwezi kukuahidi kwamba utakielewa, ila tunaweza kukuahidi kwamba utakifikiria ukiwa unafanya mambo mengine kabisa, na si vitabu vingi vinavyoweza hilo. Mwendelezo wake, Mzingile, wa mwaka 1991, tumeuweka ubavuni. Ushauri wetu: usivinunue vyote viwili kwa mpigo. Chukua kimoja, kikuume kwanza, kisha uje tuzungumze. Tunajua hivi sivyo wafanyabiashara wanavyotakiwa kuandika.

Ushairi upo, tena zaidi ya mara iliyopita. Umo wa vina na mizani kwa wale wanaohesabu kwa vidole, na umo ulio huru kwa wale waliochoka kuhesabu. Tumeuchanganya makusudi ili pande mbili zikutane kwenye rafu moja na kuangaliana. Walioanza kusoma Kezilahabi kwa riwaya wanaweza kutafuta hapo Kichomi, diwani ya mwaka 1974 iliyowakera wengi wakati wake kwa kuacha vina.

Vitabu vya watoto viko chini kabisa, usawa wa macho ya wenyewe. Tumechagua vile vyenye maneno machache yaliyopimwa na picha zinazoongeza jambo, maana vimejaa sokoni vitabu ambavyo maandishi yanasema paka ameketi, na picha inaonyesha paka ameketi, na basi. Kuna kimoja cha kuhesabu ambacho watoto wawili waliokuja na mama yao walikigombea hadi ikabidi tufungue nakala ya pili. Mama alinunua zote mbili; amani nayo ina bei yake. Wazazi wanaouliza "ni cha umri gani?" tunawajibu hivi: mpe mtoto ashike mwenyewe, afunue mwenyewe, kisha mwangalie. Akikirudisha mwanzo baada ya kufika mwisho, umri wake ndio huo.

Lipo swali tunalojua litakuja, basi tulijibu mapema: ndiyo, mnaruhusiwa kusoma dukani bila kununua. Kiti kipo dirishani. Tunachoomba ni mikono mikavu, kurasa zisikunjwe pembe, na kitabu kisiachwe kimelala kifudifudi, kwa kuwa hivyo ndivyo migongo ya vitabu inavyovunjika na kurasa zikaanza kutoka mojamoja. Kipande cha karatasi cha kuwekea alama kipo kaunta, bure, chukua hata vitatu.

Hesabu ya mkono ni hii. Peponi tuna nakala 6, Mzimu wa Watu wa Kale nakala 4 mpya na ile moja ya penseli, Vuta N'kuvute nakala 8, Nagona na Mzingile nakala 3 kila kimoja. Hatujui mzigo mwingine utaingia lini, na vichapo vya baadhi ya hivi huwa vinaadimika ghafla bila taarifa. Ukitaka tukuwekee, jibu barua hii kwa kutaja jina la kitabu na jina lako, nasi tutakiweka chini ya kaunta hadi Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ikipita hapo kinarudi rafuni, hata kama wewe ndiye uliyetufundisha kusoma.

Wenu,
Sisi wa kaunta