Sabasaba ya Aika

Aika, njoo hapa mbele. Panda juu ya kigoda ili Bibi akuone vizuri. Imani, mwache dada asimame peke yake leo, siku yako ni mwezi wa kumi na moja, tutafika tu. Na nyinyi wengine mliobanana hapo kwenye mkeka, kazi yenu ni moja. Nikiuliza, "Aika ana miaka mingapi?" mnajibu kwa nguvu, "Saba!" Tujaribu.

Aika ana miaka mingapi?

(Wote: Saba!)

Mmh. Hiyo ni saba ya watu wenye njaa. Hata mimi nasikia harufu ya pilau, lakini pilau halikimbii. Tena! Aika ana miaka mingapi?

(Wote: SABA!)

Hapo sawa. Hiyo hata Mangi wa dukani kaisikia.

Aika mwanangu, ulizaliwa tarehe 7, mwezi wa 7, mwaka 2019. Ilikuwa Jumapili, alfajiri, na baridi ya Julai hapa Moshi mnaijua wenyewe. Ilikuwa sikukuu, watu wote wamejifunika mablanketi. Wewe hukutaka kulala. Ulipiga kelele, ukapiga kelele, mpaka nesi akasema, "Jamani, huyu atasoma taarifa ya habari." Kulipokucha, Bibi akaingia kutoka Kibosho, kajitanda kanga mbili na sweta juu, mkononi kashika chupa ya mtori. Akaninywesha kikombe cha kwanza. Akaninywesha cha pili. Ndipo akauliza, "Haya, mjukuu wangu yuko wapi?" Bibi, usikatae, Baba Aika ni shahidi.

Tangu siku hiyo, kila ikifika tarehe 7 Julai nchi nzima inapumzika. Shule zimefungwa, benki zimefungwa, na kule Dar es Salaam kuna maonyesho makubwa ya biashara. Ulipokuwa mdogo uliamini wamepumzika kwa ajili yako! Siku moja ukamwambia dereva wa bajaji, "Anko, leo si ungelala? Ni besidei yangu." Yule kaka akacheka mpaka akakosa chenji.

Sasa umekua, unajua hii ni Sabasaba ya watu wote. Ila mwaka huu imekupendelea. Tarehe saba, mwezi wa saba, miaka saba. Saba, saba, saba! Mwakani utakuwa na minane, na nakujua, utakuja kuniambia, "Mama, tuhamishe sherehe iwe Nanenane." Nakujibu leo leo: hapana. Nanenane ni ya wakulima na ng'ombe wao. Wewe baki na yako.

Hebu sema saba, tukusikie.

(Aika: Thaba!)

Jamani, thaba! Meno mawili ya mbele yamesafiri, upepo unapita katikati. Usijali. Baba yako alipokuwa darasa la kwanza alikuwa na pengo kubwa kuliko lako, muulize Bibi, na angalia sasa anavyotafuna mahindi ya kuchoma. Nimekuandikia kashairi kadogo ka pengo lako. Sikiliza.

Aika wetu wa saba,
Kipenzi cha mama, baba,
Pengo la mbele si haba,
Yataota haba haba!

Kibo, vua hilo koti,
Njoo, kaa kwenye kiti,
Keki ipo, na chapati,
Aika hali karoti!

Ndiyo, nimesema mbele za watu. Karoti zote unazozificha chini ya wali tunaziona.

Sasa yaje matakwa. Nimekuwekea saba. Nyoosha vidole, kila nikisema moja unakunja kimoja. Baraka, wewe ni kaka mkubwa, msaidie kuhesabu.

La kwanza, nakutakia meno mapya. Meupe, magumu, ya kuvunja muwa. Na uyapige mswaki asubuhi na usiku. Kulowesha mswaki kwenye bomba halafu kuurudisha kwenye kikombe, huko si kupiga mswaki. Mama anajua.

La pili, nakutakia urefu. Jana Baba alikusimamisha kwenye fremu ya mlango, akachora mstari kwa penseli, akapima: sentimita 120. Mita moja na ishirini! Halafu ukauliza, "Na mlima una watoto wangapi kama mimi?" Baba akachukua simu akapiga hesabu. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo, tukianza pale mawimbi yanapogonga mchanga, tupange watoto wa kimo cha Aika, mmoja anasimama juu ya kichwa cha mwenzake, tutahitaji watoto 4,912. Na juu kabisa tunaongeza nusu mtoto. Imani akasema, "Nusu mtoto ni mimi!" Haya, Imani, wewe ndiye kilele. Usipige chafya huko juu.

Na kwa kuwa umeniuliza mara nyingi utapanda lini mpaka kwenye theluji: mtoto wa chini ya miaka kumi haruhusiwi kwenda kileleni. Kumi toa saba ni ngapi? Tatu! Miaka mitatu, basi. Kwa sasa, Jumamosi hii tutakwenda maporomoko ya Materuni, kwa miguu yako mwenyewe, bila kubebwa mgongoni. Ukichoka tutakaa kwenye kivuli cha migomba, tule ndizi, tuinuke.

La tatu, nakutakia usome kila kitu. Lakini hilo umeshaanza, tena unatuaibisha. Januari ulikuwa unaimba ba be bi bo bu. Sasa hivi kila ukuta ni kitabu chako. Tukipanda daladala unasoma. Tukipita sokoni Mbuyuni unasoma. Juzi tulipita kwenye nyumba fulani, ukasimama katikati ya njia, ukasoma kwa sauti: "Nyu-mba hi-i ha-i-u-zwi." Mwenye nyumba akiwa mlangoni. Ukamwuliza, "Shikamoo babu, kwani nani anataka kuiuza?" Mzee wa watu akabaki mdomo wazi! Ule ukuta mwingine, ule wa "Usikojoe hapa," ulisoma kwa sauti kubwa zaidi, na kaka mmoja aliyekuwa karibu akaondoka haraka haraka. Soma, mama, soma. Usiache kuuliza, hata wenye nyumba wakishangaa.

Vidole vingapi vimekunjwa? Vitatu? Vizuri.

La nne, nakutakia marafiki. Wa kucheza rede mpaka jioni, wa kombolela, wa mdako pale barazani kwa Mama Zuhura. Ukishinda, furahi. Ukishindwa, usibebe kokoto zote ukaondoka nazo. Zuhura, nimesema? Nawaambia wote wawili.

La tano, shibe. Mtori wa Bibi, machalari ya nyama, parachichi linaloanguka lenyewe nyuma ya jiko. Na karoti. Nimesema na karoti! Anko Elia, na wewe, nakuona unachungulia jikoni. Umeniuliza tangu asubuhi, "Ndafu iko wapi?" Ndafu tutachinja siku ya harusi ya Aika. Leo kuna keki, mshukuru Mungu.

La sita, nakutakia afya. Mafua yakimbie, yapande basi la kwanza, yaende zake.

La saba, nakutakia uwe na mtu wa kumwambia. Ukiumia, sema. Ukiogopa, sema. Ukivunja kikombe, sema, kabla Imani hajasingiziwa. Mtu akikufanyia jambo usilolipenda, hata akiwa mkubwa, hata akisema ni siri, njoo unong'one sikioni mwa Mama, au kwa Baba, au kwa Bibi. Masikio yetu hayafungwi sikukuu.

Na nakutakia pia uote ndoto nzuri, na viatu vyako vipya vya shule visikubane, na...

(Baraka: Mama, hiyo ni ya tisa!)

Kweli, Baraka? Basi mbili za juu ni nyongeza, kama anavyotuongezea yule mama wa nyanya. Aika, kunjua vidole, vimechoka.

Sasa zamu yenu. Kitendawili!

(Wote: Tega!)

Mzee wetu amevaa kofia nyeupe, wageni wakija kumpiga picha anajifunika shuka.

Nani anajua? Imani? Hapana, si Babu. Babu hana shuka jeupe. Zuhura? Ndiyo! Ni Kibo! Wageni wanatoka mbali, wanashuka na kamera zao, na yeye anajivutia mawingu. Leo asubuhi alichungulia kidogo saa kumi na mbili, nadhani alikuja kukupa hongera, akarudi kulala.

Kitendawili!

(Wote: Tega!)

Ndugu wengi, mama mmoja, wote wamenikunjia mgongo, na sare yao ni ya kijani. Wakizeeka wanabadilisha, wanavaa ya njano.

Ndizi, ndiyo! Hapa kwetu hicho hata mtoto wa chekechea anapata.

Cha mwisho. Kitendawili!

(Wote: Tega!)

Ana mapengo mawili, anacheka kuliko redio, anasoma kuta, hali karoti, na leo ana miaka saba.

(Wote: Aika!)

Nani?

(Wote: AIKA!)

Ndiye huyo. Ndiye wetu. Baba yako hasemi mengi, ila jana usiku alikaa akipuliza maputo mpaka mashavu yakamuuma, na hilo jekundu kubwa alilipuliza mara mbili kwa sababu Imani alilikalia. Bibi kakuletea kuku kutoka Kibosho, yule mwenye madoadoa, ni wako, wa kufuga, si wa sufuria. Utampa jina mwenyewe.

Kuhusu maji, sikilizeni. Najua Baraka na Anko Elia wameficha ndoo nyuma ya nyumba. Naijua na rangi yake. Mwenye besidei lazima alowe, sibishi, lakini hii ni Julai ya Moshi. Bibi amesema maji yawe ya uvuguvugu, kikombe kimoja tu, na baada ya keki. Atakayemwaga ya baridi atamwagiwa na Bibi mwenyewe, na Bibi hakosi.

Mshumaa umewaka. Baba, zima taa. Aika, sogea, shika nywele zako nyuma. Vuta pumzi, nyingi, mpaka tumboni. Tunahesabu pamoja, wote, pole pole:

Moja... mbili... tatu... nne... tano... sita...

(Wote: SABA!)

Puliza! Kwa hilo pengo, puliza tena! Hongera, mwanangu! Washa taa, Baba, kisu kiko wapi? Kipande cha kwanza kwa Bibi, cha pili kwa... Imani! Toa kidole kwenye keki!