Mada: Heri ya miaka 65, Papa Ilunga, kutoka kwetu sote ofisi ya Dar es Salaam

Dar es Salaam, Jumatatu, 30 Juni 2025

Shikamoo Papa Ilunga,

Leo, bendera zinapopandishwa Lubumbashi kuadhimisha miaka 65 ya uhuru wa Kongo, sisi huku Dar es Salaam tumeianza asubuhi kwa kulitaja jina lako, maana siku hiyohiyo na mwaka huohuo nawe ulizaliwa.

Heri ya siku ya kuzaliwa, Papa. Mungu akuongezee miaka, akupe afya njema, wewe, Mama na nyumba yako yote.

Nikuambie mapema kwamba barua hii haina ankara wala ratiba ya malori. Taarifa ya makontena yako mawili ya vigae nitakutumia kesho asubuhi peke yake, kama kawaida. Leo nimetaka nikuandikie kama mtu anayemwandikia mtu, ingawa anwani ni ya ofisi na sahihi yangu chini ina cheo.

Nilijua tarehe yako ya kuzaliwa mwaka 2016, tulipokufungulia faili la mteja. Nilikuwa nanakili pasi yako ya kusafiria, nikaona 30 Juni 1960, nikadhani mwandishi amekosea, amechanganya siku yako na siku ya taifa. Nikakupigia kuhakiki. Ukaniambia sikukosea kusoma: mama yako alifika kwa mkunga usiku, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, na mpaka anajifungua ngoma za uhuru zilikuwa zikisikika barabarani. Ukaongeza kwamba tangu ukiwa mtoto hujawahi kwenda shule wala kazini siku yako ya kuzaliwa. Simu ile ilikuwa ya dakika tatu, na mpaka tunaikata nilikuwa nimeshamfahamu mtu, si namba ya mteja tu.

Nakumbuka pia kwamba nilipokuamkia shikamoo siku ile, ulinyamaza kidogo. Lubumbashi salamu hiyo si ya kila siku. Wiki iliyofuata ulipopiga, kabla sijasema chochote, ukasema, "Marahaba, mwanangu." Ulikuwa umekwenda kuuliza. Sijui ulimuuliza nani, lakini tangu hapo nimekusalimu hivyo kila mara, na kila mara umeitikia.

Papa, kuna mambo matatu ambayo sikuwahi kukushukuru kwayo sawasawa. Yalipotokea tulikuwa mbioni kutoa mizigo, na kwenye kazi yetu shukrani hubanwa kwenye mstari wa mwisho wa ujumbe, tukahamia kwenye lori linalofuata.

La kwanza ni la Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya korona. Malori yako matatu yalikuwa kwenye foleni upande wetu, Tunduma. Unaijua foleni ile. Madereva walikuwa wakilala ndani ya vichwa vya magari, watu wa mji wanawaogopa kwa sababu ilisemwa wao ndio wanaosambaza ugonjwa, mama lishe wamefunga. Mimi nilikupigia nikiwa nimejiandaa kujibu kuhusu tarehe ya kufika kwa mzigo na gharama za kusubiri. Nilikuwa na karatasi mbele yangu yenye hesabu zote. Swali lako la kwanza lilikuwa, "Mama, bashofere beko bazima?" Halafu ukamwomba mfanyabiashara mwenzako pale Tunduma awapelekee, kila dereva na utingo wake, shilingi 50,000, mchele, sabuni na maji ya kunywa. Nilipotaka kuzikata fedha hizo kwenye bili yako, ulikataa. Wawili kati ya madereva wale bado wako kwetu, na wa tatu ameacha kazi akalime Makambako. Wote watatu, nikitaja lori la kwenda kwako, huuliza hali yako kabla ya kuuliza posho ya safari.

La pili ni la ankara ya Novemba 2021. Mafuta yalikuwa yamepanda, nauli zimebadilika, na kijana wetu wa hesabu alisahau kuingiza nyongeza kwenye lori moja. Dola 640. Sisi hatukuona. Tulikuwa tumeshafunga mwezi, mkaguzi ameshapitia, hakuna ambaye angegundua tena. Wewe ndiye uliyepiga simu Jumamosi, ukasema umekaa na binti yako mnapanga makaratasi na kuna fedha yetu iko kwako. Nilimwita yule kijana akae karibu nami asikilize simu ile kwenye spika. Hakugombezwa. Leo ndiye mkuu wa hesabu, na nimeona mwenyewe anavyomrudishia mteja hata dola 12 zilizozidi, bila kusubiri aombwe.

La tatu ni gumu kwangu kidogo, lakini nataka liandikwe. Agosti mwaka jana, Zambia ilipofunga mipaka yake na Kongo kwa ule mvutano wa vinywaji, lori lako la masinki na mabomba lilikuwa limeshafika Chililabombwe, karibu kabisa na Kasumbalesa. Mimi nilijua mapema. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka nikupigie nikiwa na jibu kamili: litavuka lini, nani atalipa nini. Nilikupigia siku mbili baadaye, mpaka ukiwa unafunguliwa, na wewe ulikuwa umeshasikia redioni. Hukupaza sauti. Ulisema tu kwamba kuna fundi na vibarua sita uliowaita waje Jumatatu kwenye jengo la mteja wako, wakakaa kivulini siku nzima, ukawalipa, na kwamba ungeambiwa Jumapili ungewapigia wasije. Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimeficha habari nikidhani ninakulinda.

Tangu siku ile ofisi yetu ina utaratibu mmoja ambao wateja wengine hawajui ulitoka wapi: lori likisimama kwa sababu yoyote, iwe mzani wa Vigwaza, pancha Mikumi au mfumo wa forodha umelala, mwenye mzigo anaambiwa siku hiyohiyo kabla ya saa kumi jioni, hata kama hatuna jibu. Ndani ya ofisi tunauita "saa kumi ya Papa". Vijana wapya wanaoajiriwa huuliza Papa ni nani, nasi tunawasimulia.

Nilipata bahati ya kuja kwenu mara moja, Juni 2022, nikaijua baridi ya Lubumbashi ambayo madereva walikuwa wakinisimulia nami nikidhani wanaongeza chumvi. Nilikuja na kikoti chepesi cha Dar. Mama alinivika sweta lake mlangoni, kabla hata sijaketi, akanikalisha mezani: bukari, sombe, samaki, na kibakuli cha pilipili alichokisogeza mbali nami baada ya kuniona nikikohoa. Kutoka pale uani niliona kilima kile cheusi cha mabaki ya shaba na bomba refu la moshi, nikaelewa kwa nini mtu wa mji wenu akiuona mchoro wake popote duniani anajua ni kwao. Nakumbuka pia nilivyoshtuka Kasumbalesa, gari letu lilipovuka kutoka kushoto kwenda kulia kwa barabara, na dereva hakushtuka hata kidogo. Siku ile ndiyo nilifahamu kwamba mtu anayekuletea mzigo hubadili upande wa barabara, fedha na karatasi, na kitu pekee kisichobadilika njia nzima ni kwamba Mbeya anaongea Kiswahili na kwako anaongea Kiswahili. Katikati hapo, Zambia, anajitahidi.

Najua pia kwamba sherehe ya leo haiwezi kuwa nyepesi kwenu. Ijumaa iliyopita tulifuatilia habari za mkataba uliotiwa sahihi Washington, na mawazo yangu yalikwenda kwa dada yako na watoto wake wa Goma. Wewe si mtu wa kulalamika, na mwaka huu mzima hukusema neno zaidi ya kwamba nyumba yako imeongezeka watu. Tunawaombea. Amani ikija, Papa, na ije ifike mpaka mlangoni kwa dada yako.

Uliniambia mwezi Machi kwamba kuanzia Januari utamwachia Mireille duka na yadi, wewe ubaki kuja asubuhi tu kuangalia. Sikukujibu vizuri siku ile, nilikuwa kwenye kelele za bandari. Jibu langu ni hili: tutamhudumia kama tulivyokuhudumia wewe, na pale tulipokukosea, yeye tutajitahidi tusimkosee. Jumatano iliyopita alinipigia kwa mara ya kwanza bila wewe kuwa kwenye simu. Lori lilikuwa limechelewa siku moja Kapiri Mposhi kwa tairi. Nilianza kueleza habari za tairi, akanikatiza kwa adabu, akauliza, "Shofere eko muzima?"

Nilimwambia ni mzima. Kisha nikakaa kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Juma ameondoka jana na lori la kwanza. Kwenye kichwa cha gari, si kwenye kontena, kuna kifurushi chako: kilo 25 za mchele wa Kyela ambao atauchukua akipita Mbeya, na kanga ya Mama yenye maneno "Wema hauozi". Vyote vimeandikwa kwenye karatasi zake, kwa hiyo mpakani hapatakuwa na maneno. Mchele ni wa ofisi nzima, tulichanga. Kanga ni yangu mimi kwa Mama, kwa ajili ya lile sweta, ambalo bado ninalo na sijapata moyo wa kulirudisha.

Tafadhali usijishughulishe kujibu leo. Kaa na watu wako, kula vizuri, na kama wajukuu watakuimbia, waambie waimbe na beti moja kwa niaba yetu. Tutaongea Jumatano, saa yetu ileile.

Kwa heshima na upendo,

Mwanaidi
Meneja wa Usafirishaji, Dar es Salaam

na kwa niaba ya madereva, matingo, vijana wa hesabu na mama anayetupikia chai

N.B. Juma ameniomba nikuandikie kwamba binti yake, yule uliyemnunulia daftari na begi la shule alipoanza darasa la kwanza, sasa yuko la tano. Amekuchorea lori. Kwenye mlango wa lori ameandika jina lako, na usukani ameuweka kushoto, kwa sababu baba yake alimwambia huko kwako magari ndivyo yalivyo. Picha iko ndani ya kanga, imekunjwa mara mbili. Mwambie Mama aifungue polepole.