Majibu kwa Mhakiki wa Pili: Kuhusu Marejeleo ya Makala ya Mifereji ya Asili Kilimanjaro

Moshi

Ndugu Mhakiki,

Asante kwa kuisoma makala yetu hadi orodha ya mwisho, sehemu ambayo wengi huiruka. Ulisema marejeleo hayafuati mtindo mmoja, na ni kweli. Makala yote sasa inafuata APA, toleo la saba, na mabadiliko yameonyeshwa kwa rangi kwenye nakala iliyoambatishwa.

Iliyotuchukua muda ni Dundas. Uligundua kwamba kitabu chake kimoja kinatajwa kama 1924 mahali pengine na 1968 kwingine, msomaji akadhani ni vitabu viwili. Kilitoka mara ya kwanza 1924. Chapa ya 1968 ni marudio, na ndiyo tuliyoisoma. Kwa hiyo kila mahali sasa pameandikwa (Dundas, 1924/1968), na namba za kurasa zimehakikiwa upya dhidi ya chapa hiyo. Mwaka wa kwanza tumeubakiza kwa makusudi: hoja yetu kuhusu usimamizi wa maji kabla ya chama cha ushirika cha KNCU kuanzishwa 1933 ingepotea kama msomaji angeona 1968 peke yake.

Sally Falk Moore alikuwa chini ya F kwenye orodha na chini ya M ndani ya matini. Tumemweka chini ya M. Kwa waandishi wa Kitanzania tumeacha kubahatisha jina la ukoo. Tumefuata jinsi kila mmoja alivyojiandika kwenye jalada la kazi yake.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 ilikuwa imeandikiwa majina matatu tofauti ya mwandishi: "Serikali", "URT" na "Wizara". Imebaki Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kisha JMT baada ya kutajwa mara ya kwanza.

Viunganishi vya Kiingereza vilivyojipenyeza kati ya majina ya waandishi vilitoka kwenye Zotero, programu ya kupanga marejeleo, kwa kuwa mtindo ulikuwa umewekwa kwa lugha hiyo. Tumeweka "na" na "na wenzake" kote. Anwani za DOI zote zinaanza na `https://doi.org/`. Baada ya hapo tuliacha programu, tukachapisha orodha na kuilinganisha na matini jina kwa jina. Kazi zilizokuwa kwenye orodha bila kutajwa popote zimeondolewa.

Pendekezo moja hatukulifuata. Uliomba mahojiano na wazee wa mifereji yaingizwe kwenye orodha. APA haiorodheshi maneno ya washiriki wa utafiti wenyewe, nasi tuliwaahidi wazee hao kutowataja majina. Katika vijiji vyenye mgogoro wa zamu za maji, hata jina la mfereji linatosha kumtambulisha msemaji. Wanabaki kama Mzee A, Mzee B na kuendelea, na sehemu ya mbinu sasa inaeleza sababu. Mhariri akiona vinginevyo, tuko tayari kuongeza jedwali lenye wilaya na rika tu.

Wako katika kazi,
Mwandishi wa mawasiliano, kwa niaba ya waandishi wote