Karibu sana Neema: maandalizi ya Jumatatu tarehe 3 Agosti

Habari za kazi Neema,

Natumaini hujambo na nyumbani wote wazima. Mkataba wako uliosainiwa umenifikia jana kutoka kwa dada Upendo wa rasilimali watu, kwa hiyo sasa naweza kusema rasmi: karibu sana. Timu nzima ya ghala inajua unakuja Jumatatu, na tunakungoja kwa furaha.

Nianze na sababu ya kukuchagua, maana usaili huwa unaisha mtu akabaki hajui kilichompitisha. Tulipokuuliza ungefanya nini ukikuta boksi la insulini limesukumwa hadi likagusa sehemu inayotoa baridi kali kwenye friji, ulijibu kwamba ungelitenga kwanza, ukaandika, ndipo ungepiga simu. Hukusema ungelirudisha rafu ya katikati na kuendelea na kazi. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji. Mtu anayelijua hilo na kulitenda bila kusubiri kusimamiwa ndiye tuliyekuwa tunamtafuta.

Sasa ya Jumatatu. Kazi inaanza saa 2:00 asubuhi, ila siku hiyo naomba ufike saa 1:30 ili tuongee kabla magari ya wateja hayajaanza kupanga foleni. Kwa kuwa unatokea Gongo la Mboto, gari lolote linalofuata Barabara ya Nyerere kuelekea mjini litakufaa. Shuka Vingunguti, ingia barabara ya viwandani upande wako wa kushoto, utaona geti la kijani. Ukijikuta unaliona daraja la Mfugale pale Tazara, umepitiliza. Foleni ya asubuhi unaijua mwenyewe, basi toka mapema. Getini utamkuta Mzee Shabani. Jina lako analo, atakuandika kwenye daftari la wageni na kunipigia.

Njoo na vyeti vyako halisi pamoja na nakala, cheti cha usajili cha Baraza la Famasi, namba ya NIDA, TIN, namba ya uanachama wa NSSF kama unayo, na taarifa za akaunti ya benki. Vyeti halisi tutavitazama na kukurudishia papo hapo. Hatuvibakizi ofisini hata kwa usiku mmoja. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, mwambie Upendo siku hiyo hiyo. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ni afadhali uyapangie bajeti tangu mwanzo kuliko kuyakuta kwenye hati ya mshahara. Mshahara huingia tarehe 27.

Saa za kazi ni saa 2:00 hadi saa 11:00 jioni Jumatatu hadi Ijumaa, na saa moja ya chakula cha mchana. Jumamosi tunafunga saa 7:00. Ukijumlisha utapata saa 45, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa wiki, kwa hiyo ukibaki zaidi ya hapo ni ovataimu na inaandikwa. Usikubali mtu akwambie "malizia tu kidogo" bila kuandikwa, hata akiwa mimi. Likizo ya mwaka ni siku 28, na muda wa majaribio ni miezi mitatu kama ulivyosoma kwenye mkataba.

Wiki ya kwanza sitakupa wateja. Utakuwa na kaka Juma, ambaye ndiye anayeshika chumba baridi, na kazi yako itakuwa kuangalia, kushika na kuuliza. Muulize hata jambo unalohisi ulipaswa kulijua tayari. Mtakagua mizigo inayoingia, namba ya bachi moja moja na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha mtapanga rafu kwa utaratibu wetu: inayotangulia kuisha muda ndiyo inayotangulia kutoka, hata kama imeingia jana. Ukiona boksi jipya liko mbele ya la zamani, usidhani ni makosa. Soma tarehe kwanza.

Kuna jambo moja ambalo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Nje ya mlango wa chumba baridi kuna ubao wenye karatasi ya joto. Asubuhi na jioni mmoja wetu husoma kipimajoto, huandika namba, muda na sahihi yake. Inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Kifaa cha kielektroniki kinarekodi pia, lakini karatasi ile ndiyo inayomlazimisha mtu kwenda kusimama pale na kutazama. Ukisoma 9, andika 9. Ukichelewa kusoma, acha nafasi wazi na uandike sababu. Usiandike kamwe namba ambayo hukuisoma kwa macho yako, hata kama siku zote huwa ni 5. Kwangu hakuna atakayegombezwa kwa kuandika 9. Tutawasha jenereta, tutahamisha dawa, tutatenga zilizoathirika na kazi itaendelea. Namba ya kutunga ndiyo itakayotukosanisha.

Nasisitiza hivyo kwa sababu mle ndani kuna oksitosini. Mama akijifungua usiku kwenye kituo cha mbali na damu ikakataa kukoma, mkunga hana njia ya kutazama kichupa akajua kama kilipata joto hapa Vingunguti wiki tatu zilizopita. Anachoma sindano akiamini kwamba sisi tulifanya kazi yetu. Nafikiria hilo kila ninaposaini ile karatasi, na nataka nawe ulifikirie.

Mengine ni madogo. Vaa viatu vya kufunika vidole, visivyoteleza; sendo haziruhusiwi ghalani. Chumba baridi kina makoti yake, ila wengi huona afadhali kuvaa soksi nzito, maana baridi huanzia miguuni. Chakula hakiingii ghalani hata kidogo, kwa ajili ya panya. Mchana wengi wetu tunakula kwa Mama Rehema, mkono wa kulia ukitoka getini. Jumatatu chakula chako ni juu yangu, na wali maharage wake utaupenda.

Jumamosi ya wiki hiyo ni Nane Nane, kwa hiyo tutafunga. Chumba baridi hakina sikukuu lakini, na kuna zamu ya kusoma joto. Hiyo ni ya kwangu na Juma, wewe pumzika. Jina lako litaingia kwenye ratiba ya zamu kuanzia Septemba, na tutaipanga pamoja.

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa mchana, unitajie saizi ya koti jeupe na ya viatu ili vikukute tayari. Kama kuna lolote linalokutatiza, iwe usafiri, malezi ya mtoto asubuhi au dawa ya kwako mwenyewe inayohitaji muda maalumu, niambie sasa tulipangie. Namba yangu ni ile niliyokupigia siku ya kukupa majibu. Ukiipiga hata saa 2 usiku nitapokea.

Wasalimie nyumbani.

Rashidi
Mkuu wa Ghala