SIKU YA CHANJO YA MIFUGO KAHANGARA: JUMAMOSI, 21 FEBRUARI 2026

Mwangaluka, wafugaji wa Kahangara na vijiji jirani! 🐄🐐🐓

Jumamosi ya tarehe 21 Februari tunachanja kwenye josho la kijiji, Kahangara, wilayani Magu. Ng'ombe tunaanza nao saa 12 asubuhi, kabla jua halijawachosha, hadi saa 4. Mbuzi na kondoo ni saa 4 hadi saa 7 mchana. Kina mama wa kuku, ninyi msisubiri foleni ya ng'ombe: meza yenu iko chini ya mwembe, saa 1 hadi saa 5 asubuhi. Waleteni kwenye matenga, mkiwakamata usiku wakiwa wamelala hamtahangaika kuwakimbiza.

Bei: ng'ombe shilingi 500, mbuzi au kondoo shilingi 300, kuku bure. Mwenye ng'ombe 30 na mbuzi 20 atalipa 21,000 kwa zizi zima. Utapewa namba ya malipo pale pale, ulipe kwa simu, uondoke na risiti. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri.

Hii homa ya mapafu tunaomba muisikilize vizuri. Mwaka jana tuliitwa kwenye boma moja tukakuta dume limesimama peke yake, shingo limenyoosha mbele, viwiko vya miguu ya mbele vimetoka nje, kila pumzi inamalizika kwa mguno. Mzee mwenye boma alikuwa ameshalichoma oksi mara tatu. Lilipokufa tukalipasua: kifua kimejaa maji ya manjano, pafu moja limekuwa gumu, lina mabakamabaka kama marumaru. Mzee aliinama akaligusa kwa kidole, hakusema kitu. Ng'ombe wengine wanne wa boma lile walishaanza kukohoa, na kwa hao chanjo ilikuwa imechelewa. Chanjo inamkinga mzima, haimponyi mgonjwa.

Ugonjwa huu unapita kwa pumzi. Fikiria jioni pale ufukweni, ng'ombe wa maboma kumi wamebanana wanakunywa maji, pua kwa pua. Ukileta nusu ya kundi, nusu uliyoiacha itakutana na wagonjwa pale pale. Tunajua wapo wanaoficha idadi wakihofia kodi. Idadi tunayoandika ni ya dozi tulizotumia, basi. Leteni wote wenye miezi 6 na kuendelea, ndama wadogo wabaki nyumbani.

Na hii ni muhimu kuliko foleni yenyewe: kuanzia Jumamosi ya tarehe 7 Februari msimchome ng'ombe oksi wala dawa nyingine ya vijidudu bila kutuuliza, na vivyo hivyo kwa wiki mbili baada ya chanjo. Chanjo ya homa ya mapafu ni kijidudu hai kilichopunguzwa nguvu. Oksi inakiua kabla mwili wa ng'ombe haujajifunza kupigana nacho, na fedha yako inakuwa imepotea. Akivimba pale alipochomwa, mwite ofisa mifugo wa kata kwanza, usikimbilie sindano ya dukani.

Anayekohoa, mwenye homa au aliyeacha kula asiswagwe kuja joshoni. Toa taarifa, tutamfuata bomani.

Kwa mbuzi, tafadhali fikeni kwa wakati na kwa makundi. Chupa moja ya sotoka ina dozi 100, na ikishachanganywa na maji yake haikai, hata ndani ya boksi la barafu. Mtu akitufikia saa 8 na mbuzi wake watatu, tunalazimika kuchagua kati ya kumrudisha na kumwaga dozi 97. Inatuuma kila mara. Wenye mbuzi wachache, jiungeni na jirani mje pamoja.

Kuku ni tone moja tu jichoni, vifaranga nao waje. Kinga ya kideri haidumu, rudieni kila baada ya miezi 3.

Mje na watu wenye nguvu wa kushika, na kamba. Mbwa waacheni nyumbani, wanatawanya mbuzi. Mnaotoka mbali, lisheni njiani lakini msipitishe ng'ombe kwenye mashamba ya watu, mpunga bado uko shambani. Maziwa ya ng'ombe aliyechanjwa mnaendelea kunywa kama kawaida, baada ya kuyachemsha.

Mvua ikinyesha tunaendelea, labda njia iwe haipitiki, na hapo mwenyekiti wa kitongoji atawapa taarifa alfajiri. Swali lolote, mwone yeye au ofisa mifugo wa kata. Asiye na simu ya kuona tangazo hili, msomeeni kisimani au mnadani, hasa wachungaji vijana wanaolala na ng'ombe ngitili.